Acha Kumtangazia Mzee Mayai kwa TikTok

Ndugu mfugaji, wiki hii naomba tugombane kidogo.

Tangu mwaka huu uanze nimekaa kwenye semina tatu za "masoko ya mtandaoni" zilizoletwa kwa wafugaji. Zote tatu zilisema jambo lile lile: fungua akaunti Instagram, fungua TikTok, fungua Facebook, piga picha nzuri, weka tangazo kila siku, wateja watakuja wenyewe. Hakuna mwezeshaji hata mmoja aliyewauliza wafugaji waliokaa mbele yake swali la kwanza kabisa: anayekula mayai yako ana umri gani, na akitaka kununua huwa anafanyaje?

Nasema wazi kwamba ushauri ule unawatia hasara. Unawamalizia bando, unawafanya mhesabu waliopenda picha badala ya kuhesabu trei zilizotoka, na mwishowe mayai yanaenda kwa mchuuzi kwa bei anayoitaka yeye kwa sababu yameshaanza kukaa.

Sisi tuliosomea mifugo tulifundishwa mapema kwamba kuku hali chakula kimoja maisha yake yote. Kuna chakula cha kuanzia, cha kukuzia, na cha kutagia. Ukimpa kifaranga chakula cha kutagia, ile chokaa nyingi iliyomo itamharibu figo. Mfugaji analijua hili na analiheshimu. Lakini mfugaji huyo huyo akishika simu anaandika tangazo moja, kwa maneno yale yale, analimwaga kwa mwanafunzi wa chuo, kwa mama mwenye watoto wanne na kwa mzee mstaafu, halafu anashangaa kwa nini hawanunui.

Nitazungumzia mayai ya kuku chotara tu, kwa sababu ndiyo ninayoyaona kila siku katika kata yangu, hapa pembezoni mwa mji wa Morogoro. Atakayetaka kuyapeleka haya kwenye mchicha au maziwa atapima mwenyewe.

Tuanze na TikTok, maana ndiko kelele ziliko. Mfugaji mmoja kijana wa huku aliweka video ya kuku wake wakitoka bandani asubuhi. Ilitazamwa na watu wengi kweli, na maswali yakamiminika. Tulikaa naye tukayasoma moja moja. Wengi waliuliza kutoka Mwanza, Arusha, Kigoma, mmoja alikuwa Oman. Mtandao ule humpelekea video mtu anayependa kuku, hata kama hakai karibu na kuku wako. Yai la Morogoro halifiki Kigoma kwa faida. Na karibu wote waliouliza walikuwa vijana wanaotaka kuanza kufuga, sio watu wanaotafuta mayai ya kula. Kama ungekuwa unauza vifaranga ningekuambia endelea, kwa sababu kifaranga wa siku moja bado anatumia kiini kilichomo tumboni mwake, na akifungwa vizuri kwenye boksi lenye matundu anasafiri kwa basi hadi mkoa mwingine. Mteja wa vifaranga ni kijana, yuko TikTok, na umbali haumzuii. Mteja wa mayai ya kula yuko ndani ya mwendo wa bodaboda kutoka bandani kwako. Hao ni wateja wawili tofauti kabisa.

Sasa tumtazame huyo aliye ndani ya mwendo wa bodaboda, tukianza na kijana.

Hapa kwetu kijana mnunuzi ni mwanafunzi wa chuo au aliyeanza kazi juzi, amepanga chumba kimoja. Hana friji. Hanunui trei nzima yenye mayai thelathini, kwa sababu hana pa kuiweka na hela yake ya wiki haifiki huko. Ananunua kumi au kumi na tano. Hapendi kupiga simu, na hapendi zaidi kupigiwa. Anataka aone bei, aandike, alipe kwa simu, achukue. Ndiyo maana tangazo lililoandikwa "bei njoo inboksi" linamfukuza papo hapo. Kijana akiona maneno hayo anajua bei itategemea sura yake, anaendelea na mambo yake. Wafugaji wanaficha bei wakidhani wanavuta mazungumzo. Kwa mnunuzi wa rika hili, mazungumzo ndiyo anayoyakimbia.

Shida yake kubwa ni usafiri. Kama nusu trei ni shilingi 7,000 na bodaboda ni 2,000, nani analipa ile 2,000? Ukilipa wewe, umegawa mayai bure. Akilipa yeye, anaona afadhali duka la jirani. Kwa hiyo usimpelekee mlangoni. Weka siku moja na sehemu moja, na umwambie hivyo:

"Mayai ya kuku chotara. 15 kwa 7,000, trei 13,000. Jumamosi saa 10 jioni, nje ya geti la chuo. Andika jina na idadi kabla ya Ijumaa usiku."

Basi. Usiweke "wapendwa wateja wetu", usieleze historia ya mradi wako. Na mahali pake ni stetasi ya WhatsApp na makundi ya wanachuo wenyewe. Hapa kuna kitu ambacho wengi hawakijui: stetasi yako inaonekana tu kwa mtu aliyehifadhi namba yako nawe ukahifadhi yake, na inafutika baada ya saa 24. Kwa hiyo unapompa kijana mayai pale getini, hifadhi namba yake hapo hapo na mwombe ahifadhi yako. Usipofanya hivyo, unaweka stetasi kila siku na wanaoiona ni shemeji zako.

Wa pili ni yule wa kati, tuseme wa miaka thelathini na tano hadi hamsini. Huyu ndiye anayebeba banda lako. Ana watoto wanaokula mayai kabla ya kwenda shule, ana friji, ana mshahara au biashara. Ananunua trei mbili kwa mpigo, na ananunua mwisho wa mwezi au wiki ya kwanza ya mwezi. Yuko WhatsApp asubuhi hadi usiku, lakini hayuko huko kwa ajili ya matangazo. Yuko kwenye kundi la wazazi wa darasa la mtoto, la jumuiya, la kikoba, la ofisini. Na humo ndani mtu akiuliza "jamani mayai mazuri yanapatikana wapi?" jibu la mama mwenzake mmoja linauza kuliko picha zako ishirini.

Kosa linalofanyika kwa rika hili ni kuvamia makundi hayo. Nimeona mfugaji kaingizwa kundi la wazazi, siku ya pili kabandika tangazo lenye alama za moto na mishale, siku ya tatu tena, siku ya nne kaondolewa. Kundi lile sio gulio. Mteja wa rika hili mtafute mmoja mmoja, kwa jina, ukikumbuka alichonunua mara ya mwisho:

"Habari za jioni mama. Trei zako mbili za mwisho wa mwezi nikuwekee? Nitapita upande wenu Alhamisi."

Kama wateja ni wengi, WhatsApp ina orodha ya kutuma kwa pamoja, ambapo ujumbe mmoja unawafikia watu hadi 256 na kila mmoja anaupata kama umeandikiwa yeye peke yake. Lakini nayo haimfikii asiyehifadhi namba yako. Na usitume tarehe 18, watu hawana hela. Tuma kati ya tarehe 25 na 30. Rika hili linanunua kwa kalenda ya mshahara, na mfugaji asiyeijua kalenda hiyo anasema "soko limekufa" kila katikati ya mwezi.

Sasa wa tatu, ambaye ndiye semina zote tatu zilimtupa kando: mzee. Wa miaka hamsini na tano kwenda juu. Mstaafu, mama mwenye nyumba za kupangisha, mzee wa kanisa, mjumbe wa msikiti.

Niliwasikia wawezeshaji wakisema "wazee hawapo mtandaoni, hao tuwaache." Haya ni maneno ya mtu asiyewahi kuuza hata jogoo mmoja. Kwanza, wengi wana simu janja waliyonunuliwa na watoto wao, na WhatsApp wanatumia, ila kwa ujumbe wa sauti na kupiga. Pili, mzee ndiye anayekaa kwenye kamati. Harusi ya mjukuu, kipaimara, arobaini, maulidi, yeye ndiye anayeulizwa "kuku na mayai tuchukue wapi?" Nyumbani anaweza kununua trei moja kwa wiki mbili, lakini neno lake moja likakupa oda ya trei kumi na majogoo ishirini.

Mzee hanunui kwa maandishi, na ana sababu. Sote tumezipata zile meseji za "ile hela tuma kwenye namba hii". Wapo wazee waliotuma kweli, wakalia. Tangu hapo ujumbe wowote kutoka namba ngeni wenye bei ndani yake na namba ya kulipia chini yake, kwake ni wizi. Wewe unaona umeandika tangazo zuri lenye kila kitu. Kumbuka ndilo hilo hilo linalomfurahisha kijana: bei, namba ya malipo, maliza. Kwa mzee, tangazo hilo lina sura ya tapeli. Maneno yale yale, mmoja ananunua, mwingine anafuta.

Kwa mzee unapiga. Unaanza na shikamoo, unasubiri aitikie, unauliza hali ya nyumbani, na unajitambulisha kwa mahali kabla hujataja biashara:

"Shikamoo baba. Mimi ni yule kijana anayefuga kuku hapa juu ya zahanati, nyumba ya pili baada ya mwembe. Mayai yaliyotagwa jana na leo yapo. Nikuletee uyaone? Utanilipa ukiyapokea."

Hayo maneno ya mwisho ndiyo yanayouza. Atakulipa taslimu, au atakutumia akiwa ameshika mayai mkononi. Usimpigie saa 2 usiku, hapo anasikiliza taarifa ya habari. Mpigie saa 4 asubuhi au saa 11 jioni. Na jiandae kwa swali lake: "Haya ni ya kienyeji kweli?" Usimdanganye. Mwambie ni chotara. Akisema kiini ni cha njano kama cha kienyeji, mweleze kwamba rangi ya kiini inatokana na majani na mahindi ya njano wanayokula kuku, sio kabila la kuku. Kijana haulizi swali hili karibu kamwe. Mzee asipolipata jibu lake, hakuna trei itakayotoka.

Nisije nikaeleweka kwamba umri unaeleza kila kitu. Hauelezi. Kuna mtu mmoja anayevuruga hesabu yote hii, naye ni muuza chipsi. Ana miaka ishirini na nne, anashinda TikTok kutwa, kila kitu chake ni cha kijana. Lakini mayai hanunui kama kijana. Ananunua trei nne kwa wiki, anapiga simu usiku akishafunga kibanda, hataki picha, hataki stetasi, anataka ahadi. Ukimwangusha jioni moja akakosa mayai ya chipsi mayai, umempoteza. Kwa hiyo umri utumie kwa mayai yanayoingia jikoni nyumbani. Mtu anayenunua ili auze, mpime kwa biashara yake, usiangalie mwaka aliozaliwa.

Tena anayeliona tangazo sio lazima awe mlipaji. Binti aliyeko Dar anaona stetasi yako, anawaagizia wazazi wake waliopo hapa. Yeye andikiwe kwa namna ya kijana, bei wazi na alipe kwa simu. Lakini unapopeleka kwa wazazi, piga kwanza, amkia, sema "nimetumwa na binti yako." Ukibisha hodi na trei bila maelezo hayo, mzee atakwambia hajaagiza kitu.

Sasa nikupe hesabu ya mama mmoja wa kata yangu, aliyeniruhusu niitumie bila jina. Ana kuku 180 wanaotaga, anaokota mayai karibu 90 kwa siku, yaani trei tatu, trei 21 kwa wiki. Alikuwa na akaunti tatu mtandaoni na tangazo moja. Mayai karibu yote yalikuwa yakiishia kwa mchuuzi kwa shilingi 10,000 kwa trei, jumla 210,000 kwa wiki.

Nilimwomba jambo moja: daftari. Kwa wiki nne aandike kila anayenunua au kuuliza, mistari mitano tu: umri wa kukisia, amekuja kwa njia gani, ametaka kiasi gani, amelipaje, alisema neno gani alipokataa. Huo mstari wa mwisho ndio uliomfungua macho. Vijana waliokataa wengi waliandika "usafiri". Wazee waliokataa walisema "sikujui".

Baada ya hapo akafunga akaunti mbili na kubaki na WhatsApp na kupiga simu. Wiki yake sasa iko hivi. Trei nane zinakwenda kwa wauza chipsi wawili kwa 11,000, ambayo ni 88,000. Trei saba zinakwenda kwa familia za rika la kati kwa 13,000, ni 91,000. Trei nne kwa wazee kwa bei hiyo hiyo, ni 52,000. Trei mbili zilizobaki anazigawa nusu nusu kwa wanachuo, nusu nne kwa 7,000, ni 28,000. Jumla 259,000. Toa bodaboda na vocha, kama 11,000 kwa wiki, anabaki na 248,000. Amezidi mchuuzi kwa 38,000 kila wiki, kwa kuku wale wale na chakula kile kile. Katikati ya mwezi rika la kati linapopungua, trei mbili tatu bado zinarudi kwa mchuuzi, na hilo halina aibu. Yai lisilo kwenye friji katika joto la Morogoro halikusubiri mwisho wa mwezi. Likifikisha wiki moja, liuze.

Utaona kwamba wanachuo wanampa hela kidogo kuliko wote. Ndiyo. Wale ambao semina nzima ilijengwa juu yao wanachukua trei mbili kati ya ishirini na moja. Yeye anaendelea nao kwa sababu Jumamosi anapita pale getini kwa njia yake ya kwenda sokoni, haimgharimu safari. Ingekuwa inamgharimu, ningemwambia aache.

Nimeshaambiwa, na najua nitaandikiwa tena: "Afisa, wazee wanaondoka, vijana ndio wajao, tuwekeze kwa vijana." Tutenganishe mambo mawili yanayochanganywa hapa. Kiasi anachonunua kijana, nusu trei bila friji, kinatokana na chumba chake na mfuko wake. Akioa au akiolewa, akapata friji na mtoto, atanunua trei mbili mwisho wa mwezi kama wa kati wa leo. Hiyo itabadilika. Lakini kuchukia kupigiwa simu na kutaka bei wazi, hivyo naona ataondoka navyo, kama mzee alivyobaki na shikamoo yake. Kwa hiyo yule mwanachuo wa getini, ukimhifadhi kwenye daftari, baada ya miaka kumi utamwuzia kiasi cha mama wa kati kwa lugha ya kijana. Mzee wa leo hakusubiri miaka hiyo kumi. Kamati ya harusi inakaa Jumapili hii.

Anayetaka kuanza, daftari la shule la kurasa 48 linatosha. Chora mistari hiyo mitano, anza na mtu wa kwanza atakayegonga geti kesho. Ukishafika wiki ya nne nipitie ofisi ya kata siku ya Jumatano asubuhi, tulisome pamoja. Usije na simu kunionyesha idadi ya waliopenda picha.